Profaili ya dalali: andika ulichouza, andika mtaa unaoujua

(Haya niliyaongea kwenye kikao cha madalali pale Mwanga, Kigoma, baadhi yenu mkaomba niyaandike maana spika ilikuwa inakata kata. Nimeyaacha yalivyotoka, nimepunguza tu maneno ya kurudia.)

Mwenyekiti wetu, mzee wangu, asante kwa nafasi. Kina mama mliokaa huku mbele shikamooni, na nyie vijana wa fremu na viwanja mambo vipi. Mwakeye wote.

Mi sijaja kufundisha mtu kuuza, humu ndani kuna watu wameanza kushika viwanja Gungu kipindi bado ni mihogo mitupu. Nimeombwa niongelee kitu kimoja tu, yale maelezo mafupi unayoweka juu ya jina lako wasapu, au fesibuku, au kwenye kale kakaratasi unakompa mtu. Profaili. Kwa sababu wateja wetu wengi sikuizi hawako hapa, yuko Dar, yuko Mwanza, mwingine yuko ng'ambo ya ziwa huko Kalemie anataka nyumba huku, na kitu cha kwanza anachokiona sio sura yako, ni hiyo mistari mitano sita. Akishaisoma ndo anaamua akupigie au apite.

Sasa juzi kuna kijana wetu mmoja, yupo humu ndani na kaniruhusu niseme ila jina silitaji, alinionyesha ya kwake. Ilikuwa hivi:

"DALALI NAMBA MOJA KIGOMA!!! Nyumba, viwanja, mashamba, fremu, magari. Bei za kutupa. Mwaminifu na mchapakazi, uzoefu wa miaka mingi. Wahi kabla havijaisha. Piga simu SASA!!!"

Mnacheka, lakini nusu yenu mnayo hiyo hiyo. Nikamuuliza, mdogo wangu, hapa kuna neno gani ambalo tapeli hawezi kuliandika? Akasoma tena, akasoma tena, akakosa. Yaani tapeli naye ni namba moja, naye ni mwaminifu, naye ana uzoefu wa miaka mingi, tena tapeli ndo anaandika kwa herufi kubwa zaidi. Na hiyo "wahi kabla havijaisha", mtu aliyeko Dar ambaye ndugu yake alishauziwa kiwanja kimoja na watu watatu, akiona anaharakishwa anajua hapa nakimbizwa nisije nikauliza. Kwa hiyo maneno unayodhani yanavuta mteja ndo hayo hayo yanamfukuza yule mwenye hela na akili. Anabaki yule anayeuliza bei mpaka saa tano usiku na hanunui.

Tukakaa tukaanza upya. Nikamwambia usifikirie sifa kwanza, niambie uliuza nini. Na hapa ndo pagumu, kwa sababu dalali ukimuuliza umeuza nini anakwambia "nimeuza vingi". Vingi vipi? Tukachukua daftari, mauzo moja moja, na kila mauzo nikamuuliza vitu hivi hivi: ni mtaa gani, ni nyumba au kiwanja, kilikuwa na karatasi gani, kilitangazwa kwa bei gani, kikafungwa kwa bei gani, lini, na nini kilikwamisha. Na la mwisho ambalo watu hawalipendi, wewe ulikuwa nani kwenye hiyo biashara. Maana tunajuana, kiwanja kimoja kinapita kwa madalali wanne, mmoja anamjua muuzaji, mwingine anamjua mnunuzi, wengine wawili walikuwa wanapeleka namba ya simu tu, halafu wote wanne mwisho wa mwaka wanaandika "nimeuza". Kama ulileta mnunuzi tu, andika nilileta mnunuzi. Hainyimi heshima hiyo, na siku mteja akimpigia muuzaji kuuliza hutaumbuka.

Basi tuchukue mauzo moja niwaonyeshe, ile nyumba ya Ujiji.

Ilikuwa nyumba ya vyumba vinne, ya zamani, ya baba, baba mwenyewe alishafariki na watoto wapo, wengine hapa wengine mikoani. Bei iliyotangazwa milioni 38. Wateja wakaja, mmoja akapenda kabisa akataka kutoa advansi. Kijana akafanya jambo moja la maana, akauliza nani atasaini. Kaka mkubwa akasema mimi. Kwa karatasi gani? Hana. Anasema familia yote inajua nyumba inauzwa. Sasa wote hapa tunajua Ujiji nyumba za namna hii zipo nyingi mno, nyumba bado ipo kwenye jina la marehemu, mtoto mkubwa anadhani ukubwa wake ndo mamlaka. Kisheria anayeuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, sio mkubwa wa kuzaliwa. Ikabidi ukoo ukae kikao, muhtasari uandikwe wanampendekeza nani, waende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo na huo muhtasari, tangazo libandikwe ili mwenye pingamizi ajitokeze. Na kweli akajitokeza dada mmoja, sio kwamba alikuwa anakataa kuuza, alikuwa hajaambiwa bei. Wakaelewana. Barua ya usimamizi ikatoka ndo biashara ikaendelea. Mteja yule wa kwanza alishachoka kashanunua Buzebazeba huko, akaja mwingine, ikafungwa kwa milioni 33. Kutoka siku ya kutangaza mpaka kufunga, miezi saba.

Kijana alitaka kuificha hii. Anasema ah, ilichukua muda, na bei ilishuka milioni tano, itanishusha. Nikamwambia bana, hii ndo mali yako kubwa kuliko zote kwenye hilo daftari. Hebu fikiria mtu ana nyumba ya urithi Ujiji, anatafuta dalali. Anakutana na mistari ya madalali kumi wote namba moja, halafu anakutana na huu:

"Ujiji, nyumba ya urithi, vyumba 4. Ilitangazwa milioni 38, imefungwa milioni 33. Miezi 7, mitano kati ya hiyo ni kusubiri msimamizi wa mirathi. Nilikuwa upande wa muuzaji."

Atampigia nani? Na sio muuzaji tu, hata mnunuzi akisoma hapo anajua huyu hakubali kupokea advansi kabla hajajua nani anasaini. Hajaandika popote kwamba yeye ni mwaminifu, mtu kajisemea mwenyewe.

Na hiyo tofauti ya bei msiiogope. Kutoka 38 kwenda 33 ni kama asilimia 13 imeshuka, na sababu ipo, nyumba ya zamani, paa la kubadilisha. Ukiandika bei ya kutangaza peke yake unamdanganya muuzaji anayekuja, atakwambia na mimi nataka 38 kama ile ya jirani, kumbe ile ya jirani haikuuzwa 38. Sasa umejitengenezea ugomvi mwenyewe. Ukiandika bei ya kufunga peke yake, mnunuzi hajui huwa unapunguza kiasi gani. Weka zote mbili, utapunguza maneno mengi sana ya simu.

Kuna mtego mwingine wa hesabu hapa, vijana wa laptop ndo wanaupenda, "wastani". Sema umeuza vitu sita: viwanja vitano, cha milioni 6, viwili vya 7, cha 8, cha 9, halafu nyumba moja kubwa ya milioni 95. Jumla 132, ukigawa kwa sita unapata 22. Unaandika "wastani wa mauzo yangu milioni 22". Inapendeza, lakini hujawahi kuuza kitu cha milioni 22 hata kimoja! Mwenye kiwanja cha milioni 7 ataona huyu wa matajiri, mwenye nyumba ya 95 ataona huyu wa vitu vidogo, wote umewakosa. Ukiwa na mauzo machache yaorodheshe tu, mtu ataona mwenyewe.

Sasa tahadhari, na hili naomba mlisikilize vizuri. Mji wetu mdogo. Ukiandika mtaa, mwezi, vyumba na bei, jirani anajua ni nyumba ya nani na kapata shilingi ngapi, na mnajua hela ya nyumba ikijulikana inavyoleta ndugu. Pia tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, sio mchezo tena. Kwa hiyo jina la mteja usiweke, picha ya mkataba usiweke hata ukiziba jina kwa kidole, namba ya kiwanja usiweke. Andika kata, andika mwaka bila mwezi, na muombe mwenyewe ruhusa ya bei. Akikataa, weka mauzo bila bei na useme "bei haitajwi kwa ombi la mteja". Kwa mfano ile ya Ujiji familia ilikubali, ndo maana naitaja hapa. Na kama una wateja wawili watatu waliokubali kupigiwa, sema wapo, namba zao utampa mtu akishaonyesha yuko siriasi.

Haya, upande wa pili ni kuujua mtaa. Hapa watu wanajaza historia. Nimeona profaili ya mtu imeanza na Livingstone na Stanley kukutana Ujiji 1871, sijui reli ya kati kufika Kigoma 1914. Ndugu zangu mteja hanunui ule mwembe! Hiyo ni ya watalii, na ipo kwenye vitabu. Ujuzi wa mtaa ni kile ambacho mtu aliyeko Dar hawezi kukipata bila kuishi hapa, na kinachoweza kumpotezea hela asipokijua.

Mfano ziwa. Miaka ile ya 2020 na 2021 ziwa lilivyopanda, Kibirizi pale kuna nyumba maji yaliingia mpaka ndani, na 2024 tena likapanda. Mtu wa mbali yeye anataka "plot yenye vyuu ya ziwa". Dalali mbaya anampeleka mwezi wa nane, jua kali, maji yametulia, anaona mchanga mweupe anatoa hela. Dalali anayejua anamuonyesha alama ya maji kwenye kuta za jirani, ile mistari ya udongo, anamwambia simama hapa, maji yalifika kiunoni kwako. Tena anamwambia sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo hata ukijenga ukuta wa mawe, siku ukiambiwa ubomoe huna pa kulalamika. Na mita 60 ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, piga hatua kubwa sitini kuanzia majini uone unaishia wapi, viwanja vingi tunavyoitwa kwenda kuviuza vinaishia hapo katikati.

Au Katubuka. Kule bondeni maji ya mvua yanakusanyika hayana njia ya kutokea, watu wamehama nyumba zao. Lakini Katubuka sio yote iko bondeni, kuna sehemu ipo juu kabisa haijawahi kuguswa, na bei yake inashushwa bure kwa sababu ya jina. Hapo ndo dalali anayejua anapata cha kusema. Kijana wetu anakaa upande ule, nikamwambia andika: "Katubuka: nauza za juu tu. Za bondeni sishiki, hata bei ikiwa nusu." Akasita, anasema nitapoteza wauzaji wa bondeni. Ndio, utawapoteza. Ila mnunuzi akisoma kwamba kuna kitu unakikataa, yale unayoyakubali yanapata uzito.

Na vilima vyetu pia. Mtu anaona kiwanja 20 kwa 25 kwenye karatasi, mita za mraba 500, bei nzuri, hajui kipo mteremkoni na kabla hajaweka tofali la kwanza atakata udongo na kujenga ukuta wa mawe wa kushikilia. Hiyo gharama iseme mapema. Mi huwa nawaambia watu wapige picha ya kiwanja kutoka ubavuni, sio kutoka juu, mteremko unaonekana.

Karatasi nazo ni ujuzi wa mtaa. Sio kila kitu kina hati. Kuna chenye hati miliki, kuna chenye barua ya toleo, kuna ambacho kimepimwa mwenyewe hajafuatilia, na kuna ambacho kina karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa basi. Vyote vinauzwa, lakini havikaguliwi kwa njia moja. Chenye hati mnunuzi anaomba upekuzi kwa msajili wa hati, analipia, anaambiwa mmiliki ni nani, kama kuna mkopo wa benki, kama kuna zuio. Cha karatasi ya mtaa, msajili hana cha kukuambia, hapo unategemea majirani wa mipaka, mwenyekiti wa mtaa, na mtu aliyemuuzia huyu anayeuza. Kwa hiyo usiandike "vyote vina nyaraka". Andika unashika vya aina gani na unavikagua vipi. Kile kiwanja cha Gungu cha huyu kijana kilikuwa na barua ya toleo lakini bikoni mbili hazionekani, jirani kashapanda migomba, akaitwa mpima kurudishia ndo kikauzwa. Mstari wake ukawa: "Gungu, kiwanja 20 kwa 25, barua ya toleo. Kilitangazwa milioni 9, kimefungwa milioni 8 na nusu baada ya mpima kurudishia bikoni 2." Fupi hivyo.

Sasa hela. Cha juu. Najua nikitaja hili kuna watu wataangalia chini. Muuzaji anasema anataka milioni 8, dalali anamwambia mnunuzi 10, mbili inaingia mfukoni na bado anadai kamisheni. Halafu siku ya kusaini muuzaji na mnunuzi wanakutana uso kwa uso, mmoja anataja 8 mwingine 10, na hapo biashara imekufa na jina lako linazunguka mpaka stendi ya Masanga. Mi simpangii mtu bei yake, kila mtu ana makubaliano yake, ila iandike. Kijana ameandika asilimia 5 analipa muuzaji, haongezi cha juu, bei anaitaja muuzaji mwenyewe mbele ya mnunuzi. Na kwenda kuona hakulipiwi, mnunuzi anajilipia bodaboda yake. Mstari huo mmoja tu ulimletea simu nyingi kuliko alama zake zote za mshangao.

Basi ilipokamilika ilikuwa hivi, nawasomea:

"Nauza nyumba na viwanja Ujiji, Gungu na Katubuka ya juu tangu 2017. Sipangishi, sishiki mashamba ya vijijini wala viwanja vilivyo ndani ya mita 60 za ziwa. Kabla sijatangaza naona hati au karatasi ya mauziano, kitambulisho cha muuzaji, na mwenza wake awe anajua. Nyumba ya urithi, nataka barua ya msimamizi wa mirathi. Mauzo ya karibuni yapo hapo chini, na bei ya kutangaza na ya kufunga. Kamisheni asilimia 5, analipa muuzaji, hakuna cha juu. Ukitaka kuona sehemu niambie siku moja kabla nimpigie mwenyewe. Ukitaka kuja na mwanasheria wako au ndugu yako mwingine, karibu."

Hiyo ya mashamba ya vijijini mmoja wenu kaniuliza kwa nini anayakataa. Kwa sababu ardhi ya kijiji ina sheria yake na inapita halmashauri ya kijiji, yeye hajawahi kuifanya mpaka mwisho. Wapo humu wanaoijua vizuri ya Kasulu na Uvinza huko, hao ndo waandike, na yeye akipata mteja wa shamba atamleta kwenu.

Mmeona pia mwisho wake, hakuna piga simu sasa. "Niambie siku moja kabla", basi. Halafu hilo la mwenza lisipite hivi hivi. Nyumba ya ndoa mume hauzi peke yake, sheria ya ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzake, na kesi za mama aliyekuta nyumba imeuzwa tunazijua. Kama ipo kwenye profaili, muuzaji anayetaka kuuza kimya kimya hatakupigia kabisa, amekupunguzia kazi.

Mama mmoja hapa nyuma anauliza, je mgeni ambaye hajauza hata kimoja ataandika nini? Swali zuri. Asiseme ameuza. Aandike anafanya kazi chini ya nani, kwa ruhusa ya huyo mtu, na aandike mtaa mmoja tu anaoujua kweli kweli, maji ya bomba yanatoka siku gani, barabara ipi haipitiki masika, viwanja gani vina mgogoro mahakamani ambavyo yeye hatavitangaza. Mauzo ya kwanza yakifungwa aongeze mstari.

Na wote, mkiuza kitu kitoeni kwenye matangazo siku hiyo hiyo mkihamishie kwenye mauzo. Ile tabia ya kuacha picha ya nyumba iliyouzwa mwaka juzi ili uvute watu, mtu anapiga unamwambia "hiyo imeshaenda ila nina nyingine", hapo ushamuonyesha kwamba tangazo lako haliaminiki, na hata ile orodha ya mauzo ataitilia shaka. Kila mwezi wa kwanza na wa saba pitia, toa mauzo ya zamani sana maana bei zimebadilika, acha ya miaka mitatu ya karibuni.

Mimi hapo ndo nimefika. Mwenyekiti, kama muda upo, wenye profaili zao kwenye simu wazilete hapa mbele tuzisome moja moja, tuanze na ya kwako.